Rauta mzee, adapta mzee: namna tulivyoamua kununua au kutonunua

Wengi mmeuliza kama ni kweli kituo chetu cha vijana hapa Nakivale kilikuwa na 520,000 mfukoni, waifai inakatika kila siku, na bado tulikataa kununua rauta mpya. Ndiyo, ni kweli. Tunaandika jinsi tulivyofika hapo, maana tunajua vituo vingine viko na shida ileile, na pesa ya kikundi ikitoka mara moja hairudi.

Kwanza mjue tuko na nini. Juu ya paa kuna boksi dogo linalopokea intaneti kutoka mnara wa kilimani. Hilo ni mali ya mtoa huduma, sisi hatuligusi. Kebo inashuka hadi kwenye rauta yetu, ambayo ina miaka tisa. Kutoka kwenye rauta inaenda swichi ya matundu nane, halafu laptopu sita za kituo. Wengine wote wanatumia waifai ya rauta ileile kwa simu zao. Umeme wote ni wa sola: betri, inveta, na kwenye inveta hiyohiyo kuna printa ya leza ya kutolea fotokopi. Hiyo printa ndiyo inatuletea pesa kidogo ya kikundi.

Shida ilikuwa hivi. Mtu anajaza fomu ya ufadhili wa masomo, amefika ukurasa wa nne, intaneti inakufa. Baada ya dakika moja na nusu hivi inarudi, lakini fomu imeshafutika. Mdogo wetu mmoja alijaza fomu moja mara tatu, na ya nne akaikosa kwa sababu muda wa kutuma ulikuwa umeisha. Hapo watu wakakasirika kweli. Fundi mmoja wa senta alipoiangalia rauta akasema, "Hii iko muzee sana, mutoe makuta munune mpya." Mpya ya maana ilikuwa 380,000. Tungebaki na 140,000 tu, na wino wa printa unakaribia kuisha.

Kikundi kikagawanyika mara mbili. Upande mmoja ulisema tumeshapoteza miezi miwili tunazima na kuwasha, tunabadili chaneli, tunarudisha mipangilio ya kiwandani, basi, tununue. Upande mwingine ulisema bado inafanya kazi, tuendelee kutafuta. Mweka hazina wetu, dada wa Bukavu ambaye hacheki na pesa, ndiye aliyetutoa hapo. Alisema: "Nyinyi wote munasema tu. Nani kati yenu amepima?" Hakuna aliyejibu.

Tukakubaliana mambo mawili. Kutafuta kuwe na mwisho: siku ishirini na nane na shilingi 60,000, isizidi hapo. Muda ukiisha bila jibu, tunanunua na hakuna kulaumiana. La pili, kila jaribio libadilishe kitu kimoja tu. Ile miezi miwili ya kwanza watu walikuwa wanabadilisha vitu vitatu kwa pamoja, halafu ikipona siku mbili hakuna anayejua ni kipi kimeiponyesha.

Wiki ya kwanza: kupima bila kugusa kitu

Tulichukua laptopu moja iliyounganishwa kwa waya, si kwa waifai, ili tusichanganye shida mbili. Tukaiacha iite sehemu mbili kila baada ya sekunde tano, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Sehemu ya kwanza ni rauta yenyewe, pale mezani. Ya pili ni mashine iliyo mbali huko nje kwenye intaneti.

```
ping -D -O -i 5 192.168.1.1 > karibu.txt &
ping -D -O -i 5 8.8.8.8 > mbali.txt &
```

Hiyo `-D` inaandika saa ya kila jibu, na `-O` inaandika hata pale ambapo jibu halikuja. Bila `-O`, faili linaruka kimya na huwezi kuona shimo. Maana ya kuita sehemu mbili ni nyepesi. Kama karibu iko sawa na mbali inakufa, shida iko nje ya rauta. Kama karibu yenyewe inakufa, shida iko hapa ndani.

Kwa siku sita tuliita rauta mara 43,200. Majibu yaliyokosekana yalikuwa 291. Ukifanya hesabu, hiyo haifiki hata asilimia moja. Kaka mmoja aliyekuwa upande wa kutonunua akafurahi: "Mmeona? Rauta nzima kabisa!" Lakini wastani huo unaficha jambo. Tulipofungua faili tuliona hayo majibu hayakupotea mojamoja hapa na pale. Karibu yote yalikuwa kwenye mafungu kumi na manne, na kila fungu lina majibu kama ishirini yaliyofuatana. Ishirini mara sekunde tano ni kama sekunde mia moja. Huo ni muda ambao rauta yetu inachukua kuzima na kuwaka upya.

Ili tusikisie, tuliingia kwenye ukurasa wa rauta na kuangalia mstari wa `Uptime`, yaani muda tangu iwake mara ya mwisho. Baada ya kila shimo, ule muda ulikuwa umerudi sifuri. Basi haikuwa inaganda, na mtandao haukuwa mzito. Ilikuwa inajizima na kujiwasha. Mtu anayesema "mtandao unakatika" anaweza kuwa anasema magonjwa kumi tofauti, na sasa tulikuwa tumebaki na moja.

Kulikuwa na ugonjwa wa pili, tuuseme haraka. Kuanzia saa kumi jioni, jibu la mbali lilikuwa linachelewa, kutoka milisekunde 70 hadi zaidi ya 600, huku la karibu likibaki chini ya 1. Tukachomoa kebo ya paani kutoka kwenye rauta na kuichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, jioni ileile. Ikachelewa vilevile. Hapo tukajua ule uzito wa jioni hauhusu rauta hata kidogo. Ni watu wengi kwenye mnara mmoja. Tungenunua rauta ya milioni, jioni ingebaki jioni.

Daftari la fotokopi

Kwa nini rauta ijizime? Jibu lilikuwa kwenye daftari ambalo mweka hazina anaandika kila kazi ya printa, na saa yake, kwa ajili ya pesa. Tukaweka daftari pembeni ya faili. Kati ya mashimo kumi na manne, kumi na mawili yalianguka ndani ya dakika ileile ambayo printa ilianza kazi. Na kumi kati ya hayo yalikuwa baada ya saa nane mchana au siku ya mawingu, betri ikiwa imechoka.

Printa ya leza inapika wino kwa joto. Inapoanza inavuta umeme mwingi kwa ghafla, mamia ya wati, na inveta inayumba kidogo. Taa hupepesa, mmeona wenyewe. Lakini angalieni: wiki hiyo printa ilifanya kazi 97, na rauta ilijizima mara kumi na mbili tu kati ya hizo. Na lile boksi la paani, lililo kwenye inveta hiyohiyo, halikujizima hata mara moja, maana taa yake tuliiangalia. Kwa hiyo printa ilikuwa inasukuma tu. Lazima kulikuwa na kitu dhaifu upande wa rauta kilichokuwa kinakubali kuanguka.

Kati ya inveta na rauta kuna adapta, kile kiboksi cheusi cha ukutani. Kimeandikwa `12V 1A`. Ndani yake kuna kapasita, ambazo tunaweza kuzifananisha na madebe madogo ya kuhifadhi umeme. Umeme ukiyumba kwa sehemu ya sekunde, debe linatoa akiba yake na rauta haijui chochote. Kapasita za aina hiyo zina maji ya dawa ndani, na joto linazikausha polepole. Mafundi wana kanuni ya jumla kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita unapungua nusu. Adapta yetu imekaa miaka tisa nyuma ya kabati, chini ya bati, na nguo ya vumbi juu yake.

Kuipima, msifanye kama wengi wanavyofanya. Ukichomoa adapta na kuipima tupu, itakudanganya. Yetu ilisoma volti 12.2 ikiwa tupu, vizuri kabisa. Adapta mgonjwa anasimama vizuri asipobeba mzigo. Sisi tulichukua vile viunganishi vidogo vya skrubu vinavyotumika kwenye kamera za ulinzi, tukatengeneza kipande kifupi cha waya kati ya adapta na rauta, na tukagusisha mita kwenye skrubu huku rauta inafanya kazi. Ikasoma 11.1. Printa ilipoanza, ikashuka hadi 9.6 na kupanda tena. Na mita ya kawaida ni nzito kufuata, kwa hiyo huenda ilishuka zaidi ya hapo. Upande huo wa volti 12 ni salama kuupima. Adapta yenyewe msiifungue: ndani kuna umeme wa ukutani unaobaki hata baada ya kuchomoa.

Wiki ya pili na ya tatu: kubadilisha kimoja

Tulinunua adapta mpya kwa 25,000. Volti lazima ziwe zilezile, 12. Ampea zinaweza kuwa sawa au kuzidi, hazidhuru, maana rauta inachukua inachohitaji tu. Sisi tulipata ya 1.5. Angalieni pia ule mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati ya ncha au nje. Ukikosea hapo unaweza kuua rauta nzima, halafu mjadala wa kununua unakuwa umekwisha wenyewe.

Hatukugusa kitu kingine. Rauta ileile, kebo ileile, printa ileile. Kwenye ile skrubu mita ikasoma 12.1, na printa ilipoanza ikashuka hadi 11.9 tu. Kwa siku sita tukaita tena mara 43,200. Yaliyopotea yalikuwa 7, yametawanyika, na rauta haikujizima hata mara moja.

Wengi walitaka tuishie hapo tukasherehekee. Lakini yule mweka hazina akauliza swali gumu: je, kama wiki hii jua lilikuwa kali zaidi? Kama watu walileta kazi chache za fotokopi? Basi wiki ya tatu tuliirudisha adapta ya zamani kwa siku mbili. Tulibandika karatasi mlangoni: "Leo na kesho ni majaribio, usijaze fomu ndefu." Watu walilalamika, ndiyo. Katika siku hizo mbili rauta ilijizima mara tano. Wiki ya kwanza ilikuwa mara kumi na nne kwa siku sita, ambayo ni karibu tano kwa kila siku mbili. Tukarudisha adapta mpya, na kujizima kukaacha tena. Dawa ikitolewa ugonjwa unarudi, ikirudishwa unaondoka. Hapo hakuna tena wa kusema ni bahati.

Sasa fikirini jambo hili, ndilo tunalotaka mlibebe. Rauta mpya ya 380,000 inakuja na adapta yake mpya ndani ya boksi. Tungeinunua, shida ingepona siku hiyohiyo. Kila mtu angesema fundi alikuwa na haki, rauta ilikuwa imezeeka. Ile ya zamani ingetupwa ikiwa nzima, na sisi tungekuwa tumelipa 380,000 kwa kupona kwa 25,000. Tungebaki na somo la uongo, na kifaa kingine kikisumbua tungekitupa hivyohivyo. Kununua kipya kunaweza kuponya bila kukwambia ni nini kilikuwa kinaumwa.

Je, umri hauna maana?

Hapana, una maana, na upande wa wanunuzi haukuwa umekosa kila kitu. Ila lazima useme umri unaharibu nini hasa.

Je, unaharibu kasi? Tulipima kati ya laptopu mbili kwa waya kupitia matundu ya rauta kwa kutumia `iperf3`, tukapata megabiti 94 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kawaida ya tundu la 100 lililo zima. Laini yetu ya nje inatoa 9 hadi 11 asubuhi. Bomba la ndani ni pana mara nane kuliko la nje. Kununua rauta au swichi ya 1000 leo ni kama kupanua mlango wa nyumba wakati barabara ni ya mguu.

Je, unaharibu usalama? Hapo ndipo umri wake unauma. Programu ya ndani ya rauta yetu imepata masahihisho ya mwisho mwaka 2017, na mtengenezaji hatoi tena. Tundu likigunduliwa leo kwenye programu hiyo, hakuna atakayeliziba. Na hapa kituoni watu wanafungua barua pepe zenye mambo ya kesi zao. Tulitazama kama tunaweza kuweka `OpenWrt`, programu ya bure inayoweza kufufua rauta nyingi za zamani. Matoleo yake ya sasa yanataka angalau megabaiti 8 za hifadhi na 64 za memori. Yetu ina 4 na 32. Haiwezekani. Hilo halirekebishiki kwa adapta wala kwa mita.

Kwa hiyo uamuzi wetu ulikuwa wa katikati, na umeandikwa kwenye kitabu cha mikutano:

Rauta inabaki, lakini imepewa mwisho. Tunaweka pembeni 40,000 kila mwezi kutoka fotokopi. Ile 520,000 ya akiba haiguswi kwa ajili yake, isipokuwa moja kati ya haya litokee: ijizime zaidi ya mara mbili kwa wiki ikiwa na adapta nzima, au waya wake ushuke chini ya megabiti 50, au laini ya nje ipande kupita 80. Hizo ni namba, si hasira. Hata aliyekasirika anaweza kuzipima.

Wakati huo huo tumebadilisha neno la siri la ukurasa wa rauta, maana lilikuwa lile la kiwandani. Tumezima `WPS`, tumezima kuongozwa kutoka nje, na waifai iko kwenye `WPA2`. Haiwi mpya kwa hayo, lakini milango ya wazi imefungwa.

Na tutakaponunua, tayari tunajua tunataka nini. Iwe ile ambayo `OpenWrt` ya sasa inaikubali, ili mtengenezaji akiiacha sisi tusiachwe. Na iwe ya volti 12, ili siku moja tuitoe kwenye inveta na kuilisha kutoka betri moja kwa moja. Hapo angalizo: betri ya volti 12 ikichajiwa na sola inaweza kupanda hadi 14 na zaidi, kwa hiyo lazima kiwepo kidhibiti cha volti katikati.

Hesabu ya mwisho: adapta 25,000, viunganishi vya skrubu 4,000, mita tuliazima. Jumla 29,000 kati ya 60,000 tulizoruhusu, na siku ishirini na moja kati ya ishirini na nane. Mashimo ya jioni bado yapo, hayo ni ya mnara, na tumepeleka faili la `mbali.txt` kwa mtoa huduma pamoja na saa zake. Printa nayo tumeipangia: baada ya saa nane mchana tunakusanya kazi na kuzitoa kwa pamoja, inveta isipigwe kila dakika.

Kwa vituo vingine: kama waifai yenu inakatika, kabla hamjaenda dukani angalieni `Uptime`. Ikiwa inarudi sifuri, anzieni kwenye umeme. Ikiwa hairudi, shida yenu si hii yetu, na adapta haitawasaidia. Anayetaka zile amri mbili au mchoro wa kile kipande cha skrubu, aandike hapa chini, tutamtumia picha.